Baba Askofu, Mdogo Wangu

Katika ofisi ya mkuu wa wilaya palikuwa na mwanamke mmoja, na hakuna barua iliyotoka pale kwenda kwa mtu wa Mungu bila kupita kwanza chini ya miwani yake. Karatasi zake za ajira zilimtaja kama katibu muhtasi, lakini wenzake walimwita Mama Mhashamu. Jina lilianza kama dhihaka. Mhasibu alimletea rasimu ya barua ya kwenda kwa askofu wa Wakatoliki, ameandika "Mheshimiwa Askofu", naye akamwuliza kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kugongewa mihuri, kama huyo askofu anagombea ubunge.

"Mheshimiwa ni mbunge, ni diwani, ni hakimu," alimwambia. "Askofu wa kule ni Mhashamu. Akiwa askofu mkuu, Mhashamu Askofu Mkuu. Akipanda akawa kardinali, hapo hata uhashamu haumtoshi, ni Mwadhama. Kaandike upya, mwanangu, usituletee aibu."

Mhasibu aliandika upya huku amenuna, na kabla ya chakula cha mchana jina la Mama Mhashamu lilikuwa limeshafika getini kwa mlinzi. Mwenyewe alijifanya limemkera. Ukweli ni kwamba lilimpendeza kuliko kitenge kipya.

Kazi ile aliijua kama mpishi anavyojua chumvi. Padre alimwandikia Padre, wala hakumchanganya na Mchungaji, maana wote wawili wangekunja uso. Baba Askofu wa kanisa la upande wa pili wa barabara alikuwa na shahada ya udaktari, na huyo ukimsahaulia Dkt. yake alikuwa halalamiki, ila mkutanoni angefika amechelewa. Imamu alimwandikia Imamu wa msikiti fulani, na msikiti ukatajwa, kwa sababu uimamu unakaa pale anaposwalisha. Sheikh wa Wilaya alikuwa Mheshimiwa Sheikh, hapo uheshimiwa unaruhusiwa kwa kuwa ana ofisi na watu chini yake, na kwa kuwa alishakwenda kuhiji, Alhaji ilitangulia jina lake. Ustadh wa madrasa alibaki Ustadh. Yeye Mama Mhashamu alikuwa Mkristo, lakini barua ya kwenda kwa sheikh aliianza kwa Assalamu alaykum iliyokamilika, na alipoulizwa sababu alisema kwamba salamu si ubatizo.

Jambo moja alilikataa katakata, nalo ni barua moja ya "Kwa viongozi wote wa dini". Kila mtu barua yake, bahasha yake, cheo chake. Ukiwaweka kwenye karatasi moja, alisema, wa kwanza atajiona, wa mwisho ataona umemwona mdogo.

Wapya waliokuja kufundishwa naye walidhani hatari ipo katika kumpunguzia mtu cheo. Aliwasimulia yaliyotokea yeye akiwa likizo. Kijana aliyekaimu meza yake alimwandikia imamu wa msikiti wa sokoni akamwita Sheikh wa Wilaya, kwa nia njema kabisa, akidhani anampamba. Barua ikaonekana. Sheikh mwenyewe akasikia kwamba serikali imempata wa kushika nafasi yake. Imamu yule maskini ya Mungu, ambaye hakuomba ukubwa wowote, alizunguka msikiti kwa msikiti akiapa kwamba hakujipachika. Mama Mhashamu aliporudi alikuta ofisi inadaiwa radhi na pande mbili kwa kosa moja.

"Ukimpunguzia mtu cheo umemkosea yeye," aliwaambia. "Ukimzidishia umemkosea yeye na mwenye nacho."

"Sasa mama, mtu atajuaje kipimo?"

"Mwandishi hagawi vyeo. Mwandishi anauliza tu, watu wake wanamwitaje? Wanavyomwita wao ndivyo unavyoandika wewe. Yaliyobaki ni kati yake na Mungu wake."

Na kanuni yake aliifuata. Nyuma ya karakana ya matairi palikuwa na kanisa la mabati ambalo mwenye nalo alijulikana kama Mtume na Nabii, Mwonaji wa Mataifa, Askofu Mkuu. Cheo kilijaza mistari miwili ya bahasha na kikakaribia kuufikia mhuri wa posta. Mama Mhashamu alikipiga chote bila kupepesa jicho. Dereva wa ofisi, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akizipeleka barua hizo, alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alimwambia apunguze kelele, kama mtu ana mataifa ya kuona, mwache aone.

Basi mtu huyo mwenye kanuni alikuwa na mdogo wake wa kiume, na mdogo wake huyo alikuwa askofu, na yeye dada mtu hakuwa amewahi kumwita askofu hata siku moja.

Hadithi yao ni fupi. Mama yao aliwatoka kijana akiwa hajatambaa, baba hakukawia kumfuata, na msichana aliyekuwa anajifunza kupiga taipu akabaki na mtoto mgongoni. Alikwenda naye darasani. Mtoto alilala chini ya meza juu ya kanga iliyokunjwa, na zile kelele za mashine ndizo zilizokuwa wimbo wake wa kulala. Alikua, akasoma, akaokoka, akawa mchungaji katika kanisa kubwa la mjini, na dada alijivuna hadi majirani wakachoka. Kisha wakakosana na wakubwa wake kuhusu mambo ya kipaimara na spika, dada hakuwahi kuelewa vizuri ni lipi lilikuwa zito zaidi, akatoka na watu wake akafungua kanisa katika ukumbi uliokuwa wa mafundi seremala. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja pale yeye na wenzake wawili, ambao nao walikuwa wametoka kwao kwa namna hiyohiyo, walipofunga milango, wakaimba, wakawekeana mikono. Waliingia wachungaji watatu, wakatoka maaskofu watatu, na bado jua halijatua.

"Askofu anawekwa na maaskofu," Mama Mhashamu alimwambia mumewe siku hiyo, akiwa anamenya viazi kana kwamba vimemtukana. "Kwa hao wengine wote ndivyo ilivyo, mkono juu ya mkono tangu enzi. Sasa hawa, wa kwanza kati yao aliwekwa na nani?"

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, anayemwita kila mwanamume mzee, awe kadhi au mpiga debe. Alisema, "Si wamewekana."

"Ndiyo nakuuliza!"

"Basi mimi naona shemeji amependeza na ile kofia."

Hakukuwa na msaada kutoka upande huo. Toka siku ile mdogo mtu akaanza kuitwa Baba Askofu na waumini wake wote, kwaya, wazee wa kanisa, hata wauza maandazi wa pale nje, na dada yake akaendelea kumwita mchungaji. Mbele ya watu alimwita mchungaji. Kwenye simu alimwita mchungaji. Siku ambayo alitaka kumkomesha kabisa alimwita "wewe".

Mambo yakafika ofisini. Hospitali ya wilaya ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi, na mkuu wa wilaya alitaka viongozi wa dini wote waje waombe kwa zamu. Mama Mhashamu akakaa mezani akapiga barua zake, moja moja, kwa raha. Akampiga Mhashamu, akampiga Baba Askofu Dkt., akampiga Alhaji Sheikh, akampiga Imamu wa msikiti wa sokoni kwa uangalifu mkubwa, akampiga Mwonaji wa Mataifa na mistari yake miwili. Alipofika kwa mdogo wake, vidole vikaandika "Mchungaji" vyenyewe, na yeye akaviacha.

Barua ilirudi kesho yake haijafunguliwa. Juu ya bahasha karani wa kanisa alikuwa ameandika kwa mwandiko wa adabu sana: "Mchungaji wa jina hili hatunaye hapa. Tafadhali irudishwe kwa mwandishi."

Dereva ndiye aliyeirudisha. Aliiweka mezani taratibu, akavuta kiti.

"Mama, nikuulize kitu usinikasirikie?"

"Uliza."

"Yule wa nyuma ya matairi ulimpa vyeo vyote, mpaka mataifa. Huyu wa tumbo moja na wewe unamnyima kimoja. Ana kosa gani?"

"Wewe endesha gari," alisema Mama Mhashamu.

Lakini neno lilimwingia. Alijua kabisa kwamba amevunja kanuni yake, kanuni aliyowaimbia vijana wa watu miaka nenda rudi, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Mkuu wa wilaya alimwita ndani, akamwuliza kwa upole imekuwaje bahasha irudi, maana kanisa lile ndilo lililo jirani kabisa na hospitali. Mama Mhashamu akasema ni hitilafu ndogo, itarekebishwa. Akarudi mezani, akapiga "Baba Askofu" haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Sahihi ni ya bosi, alijiambia, kwa hiyo na dhambi ni ya bosi.

Mdogo wake alikuja kwenye ufunguzi, akaomba vizuri, wala hakumtazama. Wakati watu wanakunywa soda alipita karibu naye, akasema bila kusimama, "Ile barua niliyopata ni ya bosi wako. Ya kwako bado naisubiri."

Dada akadhani ni maneno ya kuchomana tu. Kumbe kijana alikuwa anajua kitu ambacho yeye hajakijua. Wiki hiyohiyo binti wa pekee wa Mama Mhashamu, muuguzi katika hospitali ileile, alikuja nyumbani na mchumba wake, kijana mpole mpiga kinanda, na kinanda chenyewe alikipiga katika kanisa la mjomba. Wanataka kuoana. Wanataka mjomba ndiye awafungishe. Na kanisa la mjomba lina utaratibu: mzazi wa bibi harusi anaandika barua ya maombi kwa askofu, askofu anajibu kwa barua, ndipo ndoa inatangazwa.

"Baba yako ataandika," alisema Mama Mhashamu papo hapo.

"Mjomba amesema uandike wewe, mama." Binti alitazama chini. "Amesema, mwambie mama yako anayejua kuandikia watu, aniandikie na mimi. Bila hiyo barua hatufungishi."

"Ataninyima harusi ya mwanangu kwa ajili ya neno moja?"

"Na wewe je?" binti alisema.

Hilo lilikuwa jibu la mtoto aliyelelewa na mwanamke mwenye ulimi, na mwanamke huyo hakuwa na wa kumlaumu. Binti alikuwa na machozi. Mchumba alikuwa anachezesha vidole gotini kama yuko kwenye kinanda. Fundi wa majokofu alisema kwamba yeye yuko tayari, hata sasa hivi, ataandika "Shemeji, habari za siku, huku kwetu wazima", lakini hakuna aliyemchukulia kwa uzito.

Mama Mhashamu akaanza kuandika. Hebu fikiria, mtu aliyeandikia makardinali bila kikohozi, sasa anachana karatasi. Kwanza alijaribu njia za pembeni, na njia za pembeni alizijua zote kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza wengine. Aliandika "Kwa Ofisi ya Kanisa", akaona ofisi haifungishi ndoa. Aliandika "Kwa Kiongozi wa Kanisa", hilo lilikuwa neno la mtu asiyejua anamwandikia nani, na angemkuta kijana wa ofisini ameliandika angemwita mezani. Aliandika "Mpendwa mdogo wangu", likawa zuri, likamtoa na machozi kidogo, lakini ombi la ndoa haliandikwi kwa mdogo wako. Mdogo wako unampigia simu.

Aliandika kwenye karatasi za ofisi, akazichana. Akaandika nyumbani kwa kalamu. Mumewe, aliyekuwa anafungua kompresa mezani, alimtazama kwa muda.

"Mama nani, kinachokukwama hasa ni nini? Askofu?"

Akafikiri. Akashangaa kusikia jibu lake mwenyewe.

"Askofu naweza kuandika. Nimeandika wangapi! Ni hilo baba linalotangulia. Nimemfuta makamasi yule. Nimemfulia nepi. Nitamwitaje baba?"

"Mm."

"Na mwisho wake je? Barua ya mtu wa kawaida kwa askofu wake inafungwa kwa kuomba baraka. 'Naomba baraka zako, Baba Askofu.' Mimi nimuombe baraka yule? Baraka zenyewe kazitoa wapi kama si mgongoni kwangu?"

Fundi alikaza skrubu. "Sasa kama zilitoka mgongoni kwako," alisema, "si unaomba zako tu zirudi?"

Alikuwa mtu wa maneno machache, na tatizo la watu hao ni kwamba kuna siku wanalenga. Mama Mhashamu alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Alikuwa na uchungu, na chini ya uchungu palikuwa na woga, kwamba binti yake atafungishwa ndoa na mtu mwingine, mjomba akiwa amekaa kwake na kofia yake, na watu watauliza, na yeye atajua sababu.

Akarudi akaandika. Aliiandika kwa mwandiko wake wa mkono, wima, kama ilivyotakiwa. Juu kulia anwani yake na tarehe. Kushoto cheo kamili, jina, kanisa, sanduku la posta. Chini yake, "Baba Askofu". Halafu "Bwana Yesu asifiwe", kwa kuwa ndivyo wanavyosalimiana wa kanisa lile, ingawa kanisani kwake yeye hawakusalimiana hivyo. Halafu Yah, na ombi la ndoa, na majina ya watoto, na mwisho akaomba baraka kwa herufi ndogo kidogo kuliko nyingine, lakini akaziomba. Barua haikuwa na mkwaruzo. Ukiiweka darasani ungewafundishia watu.

Hakuiposti. Aliipeleka mwenyewe asubuhi, akiwa amevaa nguo ya mikutano. Ukumbi wa seremala ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, na ukivuta pumzi bado ulinukia mbao. Karani wa kanisa, yule wa mwandiko wa adabu, aliipokea barua kwa mikono miwili, akasoma bahasha, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamefahamiana, akagonga mhuri wa IMEPOKELEWA.

"Baba Askofu ana wageni. Jibu litakuja, mama."

Jibu lilikuja siku chache baadaye, kwa kupitia mpiga kinanda. Lilikuwa na nembo, namba ya kumbukumbu, na mhuri wenye mwanakondoo. Mama Mhashamu alilifungua akiwa amesimama jikoni, binti yake akichungulia begani.

"Ndugu Mwombaji," ilianza barua. "Ombi lako tajwa hapo juu limepokelewa na Ofisi ya Askofu na linashughulikiwa. Unatakiwa kufika ofisini na nakala ya vyeti. Ukichelewa, ombi litafutwa."

Binti alishangilia, kwake ilikuwa ndiyo. Mama yake alisoma mara ya pili. Ndugu Mwombaji. Amemwita mtoto aliyemlea Baba, ameomba baraka zake kwa wino, na kijana amemjibu kama mtu aliyeomba kiwanja. Itifaki aliitimiza mpaka nukta ya mwisho, na itifaki ndiyo ilikuwa imemjibu. Akataka kucheka, na kicheko kikakataa, akajikuta amekaa kwenye kiti cha jikoni analia kwa sauti, na binti akaishika ile barua asijue imekosea wapi, maana kwa macho ya kawaida haikuwa imekosea popote.

Hakwenda kwa ajili ya vyeti. Alikwenda na ile barua. Safari hii hakuongea na karani, alipita kama mtu aliyepita milango mingi ya wakubwa, akagonga, akaingia.

Mdogo wake alikuwa nyuma ya meza kubwa, bila kofia, anakula ndizi. Akasimama ghafla na ndizi mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa." Akaiweka barua mezani, akaigeuza imtazame. "Baba Askofu, hii imetoka ofisini kwako?"

Alisema Baba Askofu mdomoni, mbele yake, bila kikohozi. Kijana alitulia kama mtu aliyetupiwa kitu akakidaka bila kutegemea. Kisha akaisoma barua. Akasoma mwanzo wake. Uso ukaanza kumbadilika kuanzia masikioni, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni akikutwa na sukari mdomoni.

"Dada, hii ni ya karani. Wote anawaandikia hivihivi, mimi natia sahihi tu. Sikuisoma."

"Najua hukuisoma. Mimi ndiye ninayeziandika ambazo wakubwa hawazisomi." Akavua miwani. "Mwezi mzima umenisubirisha kwa ajili ya cheo chako. Nimekupa. Nimekupa chote, na baba juu yake, na baraka nimeomba. Umekitaka, umekipata, na ni chako, watu wako wanakuita hivyo na mimi nilikosea kukunyima, hilo nalisema. Sasa na mimi nataka changu."

"Sawa dada. Nitaiandika upya mimi mwenyewe." Akavuta karatasi, akatafuta kalamu chini ya mafaili, akainama. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Aliandika tarehe. Aliandika jina la mtaa. Kisha akabaki hapo, askofu mzima, mtu anayehubiri bila karatasi tangu jua linachomoza, hajui aanzeje.

"Nikuandike Bibi?" aliuliza. "Au Ndugu?"

"Ndugu umeshanipa."

"Dada mpendwa?"

Miaka yote amewauliza watu wa ofisini wanamwitaje huyu, wanamwitaje yule, akapanda ngazi za kanisa na za msikiti kuulizia cheo cha mtu asiyemfahamu, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye. Yeye ni Mama Mhashamu kwa mhasibu, na Mama nani kwa mumewe. Nyuma ya yote hayo palikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, wala huyu aliyekaa mbele yake. Siku ambazo mtoto alianza kutamka, neno lake la kwanza alimwelekezea yeye, chini ya meza ya taipu, na yeye, msichana mwoga wa kumnyang'anya marehemu kilicho chake, alimfunika mdomo kwa kiganja akamwambia si mimi, mimi ni dada, sema dada. Alilirudia mpaka akashika.

"Ulipoanza kusema uliniita kitu kingine," alisema. "Nikakukataza. Nilikuwa mtoto na mimi, niliona kina mwenyewe. Wewe huwezi kukumbuka."

Mdogo wake alimtazama. Hakuuliza ni kitu gani. Akafuta macho kwa mkono uliokuwa na ndizi, akainama juu ya karatasi.

"Mheshimiwa Mama?" aliuliza. "Au Mpendwa Mama? Wewe ndiye fundi, nisije nikakosea tena."

"Mama tu," alisema. "Weka mkato, ushuke mstari."